Nguvu na maslahi ya wadau wa stendi mpya ya mabasi: mwongozo wa kuchora ramani kwa manispaa za Nyanda za Juu Kusini

Jengo likikamilika na lami ikamwagwa, hubaki swali moja ambalo mkandarasi hawezi kulijibu: je, basi litaingia getini, na abiria atapandia humo humo? Stendi nyingi hukwama hapo. Geti linakuwapo, fremu zimepakwa rangi, lakini abiria wanapandia kwenye kona ya barabara, mahali ambapo watu wamekwisha kupaita stendi bubu. Anayeamua abiria apandie wapi mara nyingi hayumo kwenye orodha ya wadau iliyoandikwa ofisini, na kama yumo, amewekwa safu ya mwisho.

Mwongozo huu ni wa timu ya manispaa inayotaka kuwapanga wadau kwa vipimo viwili, nguvu na maslahi, kabla ya kuhamisha mabasi. Mchoro wenye pembe nne unaotumika kwa kazi hii hunasibishwa na Aubrey Mendelow, aliyeuandikia usimamizi wa kampuni mwaka 1991. Kuna sehemu unahitaji kurekebishwa ukiutumia kwenye chombo cha umma, na tutaifikia.

Mfano wetu unafuata umbo la Iringa. Mji uko juu mlimani, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita chini Ipogolo, na stendi ya mabasi ya mikoani iko Igumbilo, kando ya barabara hiyo. Tuchukulie manispaa yenye umbo hilo ndiyo kwanza inajiandaa kuhama. Nauli, hesabu na alama zote tutakazoziweka ni za kufundishia. Weka zako baada ya kuhesabu mwenyewe.

## Chora uamuzi, usichore mradi

Kosa la kwanza hufanyika kabla kalamu haijagusa karatasi, pale timu inapochora ramani ya "mradi wa stendi". Mradi una maamuzi mengi, na nguvu ya mtu haifanani katika maamuzi hayo. Mwenye bustani ya mboga bondeni ana nguvu kubwa wakati wa kutwaa ardhi, maana asipolipwa fidia anaweza kwenda mahakamani na kazi ikasimama. Siku ya kuhamisha mabasi hana neno. Bodaboda ni kinyume chake: wakati wa kutwaa ardhi hakuna anayemuuliza, lakini asubuhi ya kuhama anaweza kumpeleka abiria Igumbilo au kumshusha kona ya Ipogolo, na siku nzima ikafuata alichokifanya yeye.

Kwa hiyo andika maamuzi yako juu ya karatasi, kila moja na karatasi yake. Kwa stendi huwa matatu: mahali na ardhi; ugawaji wa fremu, vizimba na ushuru; na siku ya kuhama pamoja na njia za daladala. Hapa tutafanya la tatu, kwa sababu ndilo linaloharibika mara nyingi na ndilo lenye wadau wengi wasiokuwa na ofisi. Swali liandikwe kwa sentensi moja inayoweza kujibiwa, kwa mfano: "Mabasi na Coaster zote zinazotoka nje ya wilaya zihamie stendi mpya siku moja, na stendi ya zamani ibaki ya daladala tu?" Swali likiwa la jumla, kila kundi litajibu swali lake, na alama zako zitakuwa zimepima vitu tofauti.

## Tembelea mahali patatu, na pamoja husahauliwa

Wadau wa uamuzi huu wako stendi ya zamani, eneo la stendi mpya, na katikati yake: kwenye kona na vituo ambako basi litapunguza mwendo likitoka au kuingia mjini. Mahali hapa pa tatu hapana mwenyekiti wala ofisi, na ndipo stendi bubu huzaliwa. Nenda ukaone nani anauza nini hapo leo, bodaboda wangapi wanaegesha, na kama kuna nafasi ya basi kusimama bila kuziba barabara. Ukiikuta nafasi hiyo, jua kwamba itatumika.

Stendi ya zamani itembelee kwa nyakati tatu: kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, saa 6 mchana hadi saa 9, na saa 1 jioni hadi saa 5 usiku. Fanya hivyo siku mbili za kawaida na siku moja ya wikiendi. Ukienda saa 4 asubuhi, wakati ambao maofisa wengi huona unafaa, utakuta mabasi ya masafa marefu yameshaondoka, na mama anayeuza chai ya tangawizi na vitumbua tangu alfajiri amekwisha kufunga vyombo. Ramani yako haitakuwa na jina lake.

Mbinu inayozaa orodha nzuri kuliko kikao chochote ni kumfuata abiria mmoja kutoka mlangoni kwake hadi kwenye kiti, ukiandika kila mkono unaogusa fedha yake. Bodaboda, mpiga debe, wakala wa tiketi, kuli aliyebeba begi, mlinzi wa choo, mama lishe, muuza maji, kondakta. Kisha fuata mzigo mmoja, tuseme tenga la nyanya kutoka Ilula au boksi la vifaranga, maana mzigo una njia yake na watu wake: mwenye mkokoteni, mpokeaji, mwenye stoo ya kulaza mizigo, dereva anayepokea pembeni. Mwisho mfuate abiria anayeshuka saa 8 usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku, huyu si mtu wa nadra tena, na anaongeza kwenye orodha wenye nyumba za wageni, mlinzi wa sungusungu na kituo cha polisi kilicho jirani.

Baada ya hapo ndipo uongeze wenye mihuri: Baraza la Madiwani, Mkurugenzi, Mkuu wa Wilaya, LATRA, TANROADS, TARURA, polisi wa usalama barabarani, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa. Ukianza na hawa, orodha yote itafanana nao.

## Pasua makundi makubwa

"Wafanyabiashara" si kundi. "Wasafirishaji" nao si kundi. Kanuni ni nyepesi: chukua watu wawili wa kundi hilo, waulize "stendi ikihama utapoteza nini, utapata nini?" Majibu yakitofautiana, wapasue.

Wasafirishaji wa mfano wetu hupasuka vipande vitatu, na mpasuko huu ndio ufunguo wa kazi yote. Wa kwanza ni wenye mabasi yanayopita tu, Dar hadi Tunduma au Songea. Kwao kupanda mlima kuingia mjini ni hasara ya dizeli na ya muda, hivyo stendi iliyo barabarani wanaipenda hata kama hawasemi. Wa pili ni kampuni ambazo mabasi yao hulala Iringa na zina ofisi za tiketi mjini. Zitahama, ila zitataka kubaki na ofisi zake na gari dogo la kuwakusanya abiria. Wa tatu ni wenye Coaster za Mafinga, Ilula, Kilolo na kwingineko karibu. Hawa abiria wao huja mjini kwa saa chache, kununua vitu au kwenda hospitali, na kurudi. Mtu huyo hataki kushushwa Igumbilo.

Wafanyabiashara nao wapasue: mpangaji wa fremu ya halmashauri; mwenye jengo binafsi linalotazamana na stendi; mpangaji wa jengo hilo; machinga mwenye meza; anayetembeza bidhaa mkononi; mama lishe mwenye banda; mama lishe anayepika nyumbani na kuleta kwa ndoo. Mwenye jengo anapoteza kodi, mpangaji wake anaweza kuhama kesho. Ukiwaweka pamoja utamsikia mwenye jengo tu, maana ndiye anayefahamika kwa diwani.

Usipasue kupita kiasi. Ukifika makundi ishirini hadi ishirini na tano kwa uamuzi mmoja, simama. Zaidi ya hapo timu huchoka na kuanza kutoa alama kwa kubahatisha.

## Maslahi: hesabu sehemu ya kipato

Maslahi hayapimi mtu anaipenda stendi kiasi gani. Yanapima maisha yake yatasogea kiasi gani uamuzi ukipita. Kwa anayefanya kazi stendini, swali moja linatosha: "Katika kila shilingi kumi unazoingiza, ngapi zinatoka kwa abiria wa mabasi haya?" Watu hulijibu kwa urahisi kuliko kuulizwa mapato yao, ambalo huleta hofu ya kodi. Jibu la 8 au zaidi ni alama 5. La 6 au 7 ni 4. La 4 au 5 ni 3. La 2 au 3 ni 2. Chini ya hapo ni 1. Pembeni weka alama ya kujumlisha kama anapata, ya kutoa kama anapoteza. Mchoro wa kawaida hauna alama hii, na bila hiyo hutajua kundi lililo juu kulia litakusukuma mbele au litakuzuia.

Kwa abiria, hesabu nyongeza ya nauli ukiilinganisha na nauli aliyokuwa akilipa. Tuseme daladala kati ya mjini na stendi mpya ni shilingi 600. Abiria wa Dar es Salaam aliyekuwa akilipa 30,000 kwa safari moja anaongezewa 1,200 kwa kwenda na kurudi, juu ya 60,000. Hiyo ni asilimia 2. Abiria wa Mafinga aliyekuwa akilipa 5,000 anaongezewa 1,200 ile ile juu ya 10,000, yaani asilimia 12, na dakika za ziada ambazo kwa safari fupi ni kitu kikubwa. Kwa hiyo stendi bubu haitaletwa na basi la Dar. Itaanzishwa na Coaster, kwa sababu abiria wake ndiye mwenye sababu ya kuitafuta. Timu isiyofanya hesabu hii huishia kuweka mgambo mahali pasipo na tatizo.

Mwenye ulemavu, mgonjwa aliyepewa tarehe ya kliniki hospitali ya rufaa, na mwanafunzi wa bweni mwenye sanduku na godoro wapewe mstari wao wenyewe. Nyongeza yao si 600. Ni nauli ya bajaji, kwa sababu daladala iliyojaa haiwachukui.

## Nguvu: maswali manne, chukua alama ya juu kabisa

Ofisini nguvu hupimwa kwa cheo. Kwa uamuzi wa kuhamisha mabasi, ipime kwa maswali manne, kila moja kati ya 1 na 5.

La kwanza ni muhuri: je, kundi hili linaweza kutia saini au kukataa, na bila saini hiyo jambo haliendi? La pili ni kusimamisha: linaweza kugoma, kufungua kesi au kuziba njia? La tatu ni kukwepa: linaweza kuendelea na shughuli pembeni kama vile uamuzi haukufanyika? La nne ni sikio: linasikilizwa na mwenye muhuri?

Alama ya kundi ni ile ya juu kabisa katika nne hizo. Usichukue wastani. Bodaboda akipata 1 kwa muhuri, 3 kwa kusimamisha, 5 kwa kukwepa na 3 kwa sikio, wastani ni 3 na atapotea katikati ya karatasi. Lakini 5 ya kukwepa inatosha peke yake kuifanya stendi iwe tupu.

Kila alama ya 4 au 5 iandikiwe sentensi moja ya ushahidi: jambo lililowahi kutokea, kifungu cha sheria, au kitu ambacho timu imekiona kwa macho. "Wana ushawishi mkubwa" si ushahidi. "Magari yao yaligoma siku mbili ushuru ulipopanda" ni ushahidi, kama kweli yaligoma. Historia ya mji wako na miji jirani ina mengi ya kukufundisha hapa. Vurugu za wamachinga Mbeya, Novemba 2011, zilitokana na suala la kuwahamisha, na aliyekuwa akiwapima kwa mihuri angewapa alama 1.

Kwenye swali la muhuri kuna makosa mawili yanayojirudia. Halmashauri hutangaza njia mpya ya daladala, kumbe leseni ya njia hutolewa na LATRA. Dereva akiifuata njia iliyotangazwa na halmashauri peke yake anakamatwa kwa kutoka njiani, na akiikataa ana sheria upande wake. Kosa la pili ni mchepuko wa kuingia stendi kutoka barabara kuu. Barabara hiyo na hifadhi yake, mita 30 kila upande kutoka katikati, iko chini ya TANROADS. Kibanda cha kusubiria, bango au maegesho ya bodaboda ndani ya hifadhi hiyo yanahitaji kibali chao, hata kama kiwanja cha stendi ni cha manispaa. Na ushuru mpya wa geti usipopita kwenye sheria ndogo iliyoidhinishwa na Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, mwenye basi akiukataa mahakamani, manispaa haina pa kusimamia.

## Kuchora

Chukua karatasi ya manila, chora mstari wa wima wa nguvu na wa mlalo wa maslahi, kila mmoja kuanzia 1 hadi 5. Kila kundi liwe na kadi: kijani kwa anayepata, nyekundu kwa anayepoteza, njano kwa ambaye bado hajulikani. Timu iwe ya watu sita hadi wanane, igawanywe mara mbili: upande mmoja mchumi, afisa biashara na afisa usafirishaji, upande wa pili afisa maendeleo ya jamii, mtendaji wa kata ya stendi ya zamani, na angalau mtu mmoja asiye mtumishi anayefanya kazi stendini. Kila upande utoe alama bila kuona za mwenzake.

Kisha linganisheni. Tofauti ya alama 1 msiigombee, chukueni ya juu. Tofauti ya 2 au zaidi ina maana kwamba mmoja anajua kitu ambacho mwingine hajui. Msipige kura, rudini stendini mkaulize. Katika kazi hii saa nzuri kuliko zote ni ile inayotumika kwenye tofauti hizo.

Sasa ile sehemu ya kurekebisha. Mchoro wa kampuni husema mwenye maslahi makubwa na nguvu ndogo "ajulishwe" tu. Kwa chombo cha umma hilo ni kosa. Kona hiyo ndiyo yenye mama lishe, kuli, mgonjwa na mwenye ulemavu, watu ambao uamuzi unawaumiza na hawana namna ya kuuzuia. Mitchell, Agle na Wood waliliona pengo hili mwaka 1997 walipoongeza vipimo viwili juu ya nguvu: uhalali wa dai na uharaka wake. Kwa vitendo, kwenye kila kadi nyekundu ya kona hiyo andika H kama dai lake ni halali, na U kama haliwezi kusubiri. Kadi yenye H na U pamoja inahudumiwa sawa na ya juu kulia: inapewa jibu la maandishi kabla ya tarehe ya kuhama, si taarifa kupitia kipaza sauti.

## Mfano ukifanyiwa kazi

Hizi ni kadi saba kati ya zile ishirini na kitu. Safu ya mwisho ndiyo inayofundisha zaidi: nguvu ipimwe mara mbili, leo na asubuhi ya kuhama.

| Kundi | Maslahi | Nguvu leo | Nguvu siku ya kuhama |
|---|---|---|---|
| LATRA | 2 | 5 | 5 |
| Mabasi yanayopita tu | 3 (+) | 4 | 4 |
| Coaster za karibu | 5 (−) | 3 | 5 |
| Bodaboda wa mjini | 4 (−) | 2 | 5 |
| Wenye majengo kuzunguka stendi | 4 (−) | 4 | 2 |
| Mama lishe wa alfajiri | 5 (−) HU | 1 | 2 |
| Abiria wa safari fupi | 4 (−) HU | 1 | 4 |

Wenye majengo leo wana sauti kubwa kwa sababu ya sikio: wanafahamiana na madiwani na wanaweza kwenda mahakamani. Tarehe ikishapita na mabasi yakahama, nguvu hiyo inashuka haraka. Bodaboda na Coaster huenda upande wa pili. Leo hawaonekani, siku ya kuhama ndio wanaobeba kila kitu. Manispaa nyingi hutumia miezi kujadiliana na kundi ambalo nguvu yake inaisha, kisha siku mbili za mwisho kuwatangazia wale ambao nguvu yao ndiyo inaanza.

Tazama pia nyuzi kati ya kadi. Chora mstari kutoka kwa anayelipa kwenda kwa anayelipwa: Coaster humlipa mpiga debe kwa kujaza gari, mpiga debe humpa bodaboda chochote kwa kumletea abiria, abiria wa safari fupi anaokoa 600. Watu wanne, hasara moja, na fedha tayari inapita kati yao. Huo ndio muungano utakaoifungua stendi bubu, bila kikao wala mwenyekiti. Ukipima kila kadi peke yake hutauona.

LATRA iko juu kushoto: nguvu kubwa, maslahi madogo. Kundi la namna hii usilisumbue kwa vikao vya kila wiki. Lipelekee jambo moja lililokamilika: orodha ya njia za daladala zinazotakiwa, idadi ya magari kwa kila njia, na saa ya gari la kwanza. Saa hiyo ni muhimu. Kama basi la kwanza linaondoka saa 11 alfajiri, daladala ya kwanza inayoanza saa 12 haina faida kwa abiria wake, na bodaboda ndiye atakayepanga bei.

Kutokana na kadi hizi, uamuzi wenyewe unabadilika, na hiyo ndiyo kazi ya ramani. Swali letu lilikuwa kuhamisha vyote siku moja. Ramani inasema mabasi ya masafa marefu yanaweza kuhama siku moja bila shida kubwa. Coaster za karibu zinahitaji moja kati ya mambo mawili: zibaki mjini kwenye stendi ya zamani kwa kipindi kilichoandikwa, au ziingie stendi mpya kisha ziruhusiwe kupandisha abiria hadi kituo kimoja mjini, kwa leseni iliyorekebishwa. Kwa maoni yetu la kwanza ni salama zaidi, maana kituo cha pili mjini kisichosimamiwa hugeuka stendi. Lakini lisipoandikiwa tarehe ya mwisho, wenye mabasi makubwa nao wataanza kudai kubaki, na kwa haki.

Bodaboda wanahitaji jambo la mahali, si la semina: maegesho ndani ya geti, karibu na mlango wa kushukia, yenye nafasi za kutosha vijiwe vya mjini na vya Igumbilo kwa pamoja. Vijiwe viwili visipokubaliana mapema nani anapakia wapi, wa mjini atamshusha abiria nje ya geti kuepuka ugomvi, na nje ya geti ndipo mpiga debe atakapohamia. Mama lishe wa alfajiri wapewe nafasi yenye maji na paa karibu na eneo la kusubiria, kwa ushuru wa siku badala ya kodi ya fremu. Juni na Julai baridi ya huku saa 10 alfajiri inamfukuza abiria kutoka kwenye benchi la zege, naye huenda palipo na chai ya moto. Chai ikiwa ng'ambo ya barabara, abiria yuko ng'ambo, na basi litasimama ng'ambo.

## Dalili kwamba ramani imekosewa

Ukiona wenye vyeo wote juu na wasio na vyeo wote chini, ulichochora ni muundo wa utawala. Ukiona hakuna kadi hata moja iliyosogea baada ya ziara ya pili, uliuliza wawakilishi tu. Mwenyekiti wa bodaboda mara nyingi ni mwenyekiti wa kijiwe chake. Baada ya kuongea naye, waulize madereva watano wa vijiwe vingine swali lile lile, na kama watatu wanajibu tofauti, kundi hilo halina mwakilishi na makubaliano naye hayatafika mbali.

Saa ya kikao pia huamua nani anaonekana. Mama lishe hupatikana saa 9 alasiri, bodaboda kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, wenye Coaster Jumapili jioni. Mkutano mmoja wa saa 4 ukumbini utawaleta wenye nafasi, na utaandikiwa muhtasari unaosema wadau wote wamekubali.

Jambo jingine ni usiri. Karatasi yenye kadi nyekundu ikipigwa picha na kusambazwa, kundi lililoandikwa "mpinzani" litakuwa mpinzani kweli kweli. Tunza nakala mbili: ya kazi, isiyo na majina ya watu na isiyotoka kwenye timu, na ya wazi, inayotaja makundi, madai yao na majibu ya manispaa. Namba za simu na majina ya waliohojiwa yasiingie kwenye yoyote.

## Kuipima baada ya kuhama

Wiki ya kwanza weka watu wawili wenye daftari kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, mmoja getini na mmoja kwenye kona uliyoitambua awali. Wa getini ahesabu magari yanayoingia na abiria wanaopandia ndani, kisha ayalinganishe magari hayo na ratiba ya LATRA. Wa kwenye kona ahesabu abiria wanaopanda hapo, aandike ni gari la aina gani na nauli ya bodaboda ya asubuhi hiyo. Abiria kwenye kona wakizidi mmoja kwa kila watano wanaopandia ndani, stendi bubu imeshaanza. Usikimbilie kutuma mgambo. Angalia kwanza daftari linasema ni Coaster au basi kubwa.

Ikiwa ni Coaster, rudi kwenye kadi ya abiria wa safari fupi na nauli ya 600. Ikiwa ni basi kubwa, kuna jambo getini: ushuru, foleni, au mpiga debe aliyezuiwa kuingia. Rudia hesabu wiki ya 3 na wiki ya 6, na kila mara toa alama za nguvu upya, maana kufikia wiki ya 6 kona hiyo itakuwa na mama lishe, wakala wa tiketi na kijiwe chake. Watu ambao hawakuwapo kwenye karatasi ya kwanza watakuwa tayari wana cha kupoteza, nao wanastahili kadi yao.